Baada ya "nzuri" tunanyamaza

Hapa Nakivale kusalimiana si tatizo. Mtu aliyefika juzi kutoka Makamba au Ruyigi, ambaye nyumbani hajawahi kuongea Kiswahili, ndani ya wiki mbili tayari anajua kujibu. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Anajibu haraka na anatabasamu, ukipita hapo utasema huyu Kiswahili anacho. Halafu yule mama aliyemsalimia anauliza kitu kimoja nje ya salamu, labda, "Na ile mvua ya jana iliwafikia huko kwenu?" Hapo kila kitu kinasimama. Mwenzetu anasema "ndiyo, nzuri," anacheka kidogo, anabeba jerikani yake anaenda.

Sisi tunaokutana kila wiki kuwasaidia vijana kuzoea Kiswahili, sehemu hii tunaiita "baada ya nzuri". Na maoni yetu, ambayo tunajua wengine hawatayapenda, ni kwamba watu wanapoteza nguvu nyingi kwenye ngeli na lafudhi wakati mazungumzo yao yanakufa sehemu nyingine kabisa. Yanakufa pale mtu anaposema "ndiyo" kwa neno ambalo hakulisikia.

Kwa wasiotujua: Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Wenyeji wanaongea Kinyankole na ofisini ni Kiingereza. Lakini sisi wenyewe, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, tukikutana bombani au sokoni lugha inayotuunganisha mara nyingi ni Kiswahili. Na habari nyingi za maana zinapita bombani hapo, si kwenye ubao wa matangazo. Nani anatafuta watu wa kupalilia, mbegu zinapatikana wapi, foleni ya kliniki imehamia mlango gani. Hakuna anayekuita pembeni kukuambia. Inasemwa katikati ya maneno ya mvua na watoto, na ukiwa umeshanyamaza baada ya "nzuri", imekupita.

Halafu Kiswahili chenyewe cha hapa si kile cha kitabu. Kimekuja kwa sehemu kubwa na ndugu zetu wa Kongo. Kwa hiyo Mrundi aliyejifunza shuleni "watu" anasikia "batu", aliyejifunza "asante" anasikia "aksanti", aliyejifunza "nzuri" anasikia "muzuri", na hapana inakuwa "apana". Anafikiri masikio yake ni mabovu. Masikio yake hayana shida, amesikia sawasawa. Tena kwa "batu" yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuelewa, maana kwao ni "abantu". Tumeona vijana wakijilaumu miezi mizima kwa kitu ambacho kingeisha kama mtu angewaambia siku ya kwanza kwamba hapa kuna Kiswahili zaidi ya kimoja, na vyote vinatumika.

Ngoja tueleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha kosa la kweli linafananaje.

Msichana mmoja Mrundi alizoeana na mama Mkongomani anayeuza maharage. Kila asubuhi bombani wanasalimiana, na mama anamwita "mwanangu". Siku moja mama alikuwa na mahindi ya kupukuchua, akataka mtu wa kumsaidia jioni na kumlipa kidogo. Hakusema moja kwa moja, watu wazima hawaanzi hivyo. Aliuliza kwanza, "Mwanangu, jioni utakuwa wapi?" Msichana akajibu, "Jioni nitakuja nyumbani." Mama akafurahi. "Muzuri, nitakungoja." Neno la mwisho msichana hakulishika, maana maji yalikuwa yanapiga kelele kwenye jerikani. Akasema "ndiyo, mama".

Sasa angalia. Kwa Kirundi "kuja" maana yake ni kwenda. Msichana alitaka kusema jioni naenda nyumbani kwetu. Mama alisikia jioni nitafika nyumbani kwako. Akapika ugali wa kuongeza, akangoja mpaka giza, akamwita mtoto wa jirani kumsaidia. Kesho yake bombani mama alijibu salamu kwa kichwa tu. Msichana hakujua amefanya nini, akaanza kuteka maji kwenye bomba la mbali. Wiki tatu hivi zilipita kabla mtu wa kati hajawauliza kila mmoja upande wake na kugundua.

Katika kisa hiki lafudhi haikuwa shida, na ngeli zote zilikuwa sawa. Mwalimu angeweka alama ya vema. Kilichokosekana ni maneno mawili madogo. Msichana angesema "nyumbani kwetu", au mama angeuliza "kwangu ama kwenu?", mahindi yangepukuchuliwa. Na ile "nitakungoja" ilikuwa nafasi ya pili ya kuokoa, maana ilikuwa inamwambia msichana wazi kwamba mama ameelewa vingine. "Ndiyo" ikaizika.

Neno la namna hii liko lingine, nalo ni "ejo". Kwa Kirundi na Kinyarwanda "ejo" ni jana na ni kesho pia, na kitenzi ndicho kinaonyesha ni ipi. Ndiyo maana mwenzetu anaweza kukuambia "kesho nilikuwa kliniki" bila kuona tatizo. Msimcheke, na msimkatize pia. Sikiliza kitenzi, "nilikuwa", basi ni jana. Shida inakuja yeye anapokuwa msikilizaji na wewe ukasema haraka, "mgao ni kesho kutwa". Akilikosa "kutwa", anaenda siku moja kabla, anapanga mstari peke yake, na kurudi ni saa mbili kwa miguu.

Kwa hiyo tunafundisha nini? Kwanza tunakataza neno "nini?" peke yake. Hatulikatazi kwa sababu ya adabu, ingawa kwa mzee nalo linaumiza. Tunalikataza kwa sababu halisaidii. Ukisema "nini?" au "unasema?", mwenzako hajui umekosa wapi, kwa hiyo anarudia sentensi nzima, kwa mwendo uleule, ila kwa sauti kubwa zaidi. Unakosa tena palepale. Mara ya tatu unaona aibu unasema "aaa, ndiyo", na sasa mko mahali pabaya kuliko mwanzo kwa sababu yeye anaamini umeelewa.

Tunachofundisha ni kushika ulichosikia na kukirudisha, ukiacha shimo mahali ulipokosa. Mfano, mtu anasema, "Mwezi wa saba tulivuna kidogo sana, viwavi waliingia shambani." Wewe umeshika mwezi wa saba na tulivuna kidogo, basi. Usiulize "nini?". Uliza, "Mlivuna kidogo kwa sababu ya nini?" Au, "Nani aliingia shambani?" Sasa mwenzako anajua shimo liko wapi, na watu wengi hapo hawarudii neno tupu, wanalieleza. "Viwavi. Vile vidudu vinakula majani ya mahindi." Umepata neno na maana yake kwa pamoja, na mazungumzo hayajasimama hata kidogo. Kwake yeye uliuliza swali la mtu anayejali shamba lake. Hajui kwamba ulikuwa umepotea.

Kama hukushika hata neno moja, kuna sentensi ya akiba: "Kiswahili changu bado kidogo, niambie tena polepole." Tunashauri uitumie mara moja tu kwa mazungumzo. Ukiitumia kila dakika mtu anachoka, anaanza kukuongelesha kama mtoto, au anamgeukia mwingine. Na kwa mzee usimkate katikati. Mwache amalize, kisha, "Samahani mzee, pale kwenye habari ya barabara sikushika vizuri." Kutaja barabara kunamwonyesha kwamba ulikuwa unasikiliza.

Mazoezi tunafanya hivi. Watu watatu, dakika kumi. Wa kwanza anasimulia kitu cha kawaida cha wiki hii, na anaingiza makusudi neno moja gumu. Wa pili hana ruhusa ya kusema "nini" wala kusema "ndiyo" kabla hajarudisha alichosikia. Wa tatu ananyamaza na kuhesabu mara ngapi "ndiyo" ya uongo imetoka. Kisha wanabadilishana. Tulianza ndani ya darasa tukaacha, kwa sababu darasani kila mtu anasikia vizuri. Sasa tunafanya nje, karibu na bomba, watoto wakipiga kelele na pikipiki zikipita. Ukiweza kuongea hapo, darasani si kitu.

Kuna ubaya mmoja ulijitokeza, tuuseme. Vijana walipojua ujanja wa kuuliza, wakageuka polisi. Ulitoka wapi? Na watoto wangapi? Na mume yuko wapi? Kwa mkimbizi maswali hayo yakifuatana yanafanana na mahojiano ya ofisini, na kuna watu walianza kuwakimbia. Sasa tumeweka sheria ndogo: ukiuliza moja, toa lako moja kabla ya kuuliza tena. "Sisi kwetu mvua iling'oa bati moja. Kwenu je?" Kila mtu aje na vitu viwili vya siku yake ambavyo anaweza kuvisema bila kufikiri. Cha mvua, cha bei ya nyanya, cha mbuzi aliyekula nguo. Habari ya mume aiseme mwenyewe akitaka.

Sasa lafudhi. Hapa ndipo tunagombana wenyewe kwa wenyewe. Wako wanaosema lafudhi ni lazima itoke, wengine wanasema iacheni kabisa. Sisi tumekubaliana kwamba lafudhi inagusa maana kwa maneno machache, na hayo machache yanatosha kushughulikiwa. Warundi na Wanyarwanda wengi wanabadilishana l na r, kwa sababu katika lugha zao herufi hizo mbili hazigawi maana kama kwa Kiswahili. Kwa hiyo "mahali" inakuwa "mahari", na mtu anayetafuta mahali anaonekana anatafuta ng'ombe wa kuoa. "Kalamu" inakuwa "karamu". Msomali naye, lugha yake haina p, kwa hiyo anasema "nimebata" kwa "nimepata" na "besa" kwa "pesa".

Unaweza kukaa na mtu mwezi mzima mkifanya ulimi uzoee. Wengine wanafaulu, wengi hawafaulu, hasa aliyeanza akiwa mtu mzima. Njia ya haraka ni kuliongezea neno rafiki. Usiseme "nahitaji mahali", sema "mahali pa kulala". Usiseme "nipe kalamu", sema "kalamu ya kuandikia". Hata ukitamka "karamu ya kuandikia" hakuna atakayekuletea pilau. Dalili ya kwamba lafudhi imekukwamisha ni mwenzako kurudia neno lako akiuliza, "karamu?" Ukisikia hivyo, usilirudie kwa nguvu. Ongeza rafiki yake, au tumia neno lingine kabisa.

Na wewe unayesikiliza una kazi pia, bwana. Sahihisha kinachoweza kumpeleka mtu mahali pabaya au siku mbaya, kingine kiache. "Kitabu yangu" haijawahi kumpoteza mtu njia. Na ukisahihisha, fanya ndani ya jibu lako. Yeye akisema "kesho nilikuwa kliniki", jibu, "Aha, jana ulikuwa kliniki, pole, wamekupa dawa?" Amesikia "jana", na mazungumzo yanaendelea. Lakini wale wanaosimamisha mtu mbele ya foleni nzima, "eti kesho nilikuwa!", na foleni inacheka, wanajua wenyewe. Mtu huyo hatajaribu tena kwenye foleni hiyo.

Kosa moja tu tunalisahihisha palepale hata kama linaumiza kidogo. Mtu aliyezoea Kifaransa akisikia jirani amefiwa anaweza kusema "samahani sana", akifikiria lile neno lake moja la kuombea radhi na kutoa pole. Kwa Kiswahili "samahani" ni ya mwenye kosa. Kwa mfiwa ni "pole", na "poleni" kwa familia. Na "pole" haimaanishi umekubali kosa lolote. Hili tunawaambia hasa wafanyakazi wa mashirika waliokuja na Kiswahili cha kozi, ambao wanaogopa kusema "pole" kwa aliyenyeshewa kwa sababu mvua hawakuileta wao. Semeni tu. Msiposema, mnaonekana hamkuona kwamba mtu amelowa.

Na kwa hao hao wa mashirika tuna ombi la pili. Acheni kuuliza "Mmeelewa?" mwisho wa mkutano. Jibu ni "ndiyo" siku zote, kwa umoja, kwa sauti. Anayeuliza hivyo anataka kufunga mkutano. Muulize mtu mmoja swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo: "Basi dada, tutakuona lini, na utakuja na nini?" Akisema "Ndiyo", mmejua. Akisema siku na saa, sikilizeni saa yenyewe pia. Aliyejifunza Kiswahili kwa kutafsiri Kiingereza anasema "saa mbili" akimaanisha mchana baada ya chakula. Sisi wote tunasikia asubuhi, saa mbili baada ya jua kuchomoza, na tutakuwa mlangoni tangu saa hiyo. Wala si Mrundi aliyekosea hapo. Ongezeni "asubuhi" au "mchana", ni neno moja.

Kuna jambo moja bado hatujalishinda, nalo ni simu. Bombani kama hukushika neno unaona mkono unaonyesha upande gani, unaona uso umekunjamana au la. Kwenye simu hakuna, na mtandao ukikatika unakula katikati ya neno, mara nyingi kile kipande cha mbele cha kitenzi ambacho kinasema ni jana au kesho, ni ndiyo au hapana. "Hatutakuja" inakufikia ikiwa "takuja". Kwa sasa tunawaambia watu kila habari ya simu waimalizie kwa kuirudisha: "Kwa hiyo hamtakuja, tuonane Jumanne, sawa?" Wengine wanaona ni kupoteza salio. Wanaojua njia nyingine, hasa ninyi mlioko Kakuma, Mahama au Dzaleka, tuandikieni mnafanyaje. Mwezi ujao tunaanza mazoezi ya simu, watu wawili, mmoja nyuma ya ukuta.